Anomi, uchumi unaobadilika ghafla na kujiua: mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Mtwara

Mkuu wa idara, walimu wenzangu, wageni wetu kutoka Lindi na Masasi, na ninyi wanangu wa mwaka wa kwanza, asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie swali mlilopewa kwenye insha ya nadharia: anomi, yaani hali ya jamii kupoteza kanuni zenye mamlaka juu ya watu wake, inaelezaje kuongezeka kwa kujiua wakati uchumi unapobadilika kwa kasi? Naanza na ombi. Tunazungumza juu ya watu waliokufa na familia walizoziacha, na katika ukumbi wenye watu wengi kama huu wapo ambao jambo hili limewagusa nyumbani. Akiwepo ambaye linamgusa sasa hivi, asibaki nalo peke yake. Amwambie mtu anayemwamini leo, awe mshauri wa wanafunzi, mganga wa zahanati, shangazi, sheikh au mchungaji. Insha inaweza kusubiri.

Sasa tuingie kwenye swali. Wengi wenu mmeshaanza kuandika, na najua sentensi ya kwanza ya wengi wenu inasemaje: uchumi unapoharibika watu wanakuwa maskini, maisha yanakuwa magumu, wanakata tamaa, wanajiua. Sentensi hiyo inaonekana ya kawaida kabisa, tena inaonekana ina huruma. Lakini ndiyo hasa hoja ambayo mwanasosholojia Mfaransa Emile Durkheim aliikataa katika kitabu chake kuhusu kujiua, kilichotoka Ufaransa mwaka 1897. Ukiianzisha insha yako hivyo, umeshatoka nje ya swali kabla hujafika ukurasa wa pili.

Twende naye taratibu. Anaanza na mji wa Vienna. Mwezi Mei mwaka 1873 soko la hisa la mji huo lilianguka. Siku chache tu kabla, mji ulikuwa umefungua maonyesho makubwa ya dunia, na watu walikuwa wamenunua hisa kwa mikopo wakiamini bei zitapanda bila kikomo. Mwaka 1872 watu 141 walijiua mjini humo. Mwaka 1873 wakafika 153, na mwaka 1874 wakafika 216. Ukilinganisha 1874 na 1872 unapata ongezeko la asilimia 53. Durkheim hakuridhika na jumla ya mwaka. Alichukua miezi minne ya kwanza ya kila mwaka, Januari hadi Aprili. Mwaka 1871 walikuwa 48, mwaka 1872 walikuwa 44, mwaka 1873 walikuwa 43, na mwaka 1874 wakaruka hadi 73. Angalieni hapo. Miezi minne ya 1873 ilikuwa kabla ya soko kuanguka, na idadi yake iko palepale ilipokuwa miaka miwili iliyotangulia. Miezi ileile ya 1874 iko baada ya kuanguka, na idadi imepanda kwa asilimia 70 hivi. Kulinganisha miezi ileile ndiko kunakomlinda asidanganywe na majira, kwa sababu kujiua hubadilika pia kwa majira ya mwaka.

Mpaka hapo mtu wa hoja ya umaskini anafurahi. Anasema, si nilisema? Soko limeanguka, watu wamefilisika, wamejiua. Basi Durkheim anamwuliza swali moja: kama tatizo ni umaskini, neema inapokuja kujiua kunapaswa kupungua. Je, kunapungua?

Anampeleka Italia. Mwaka 1870 Roma ilichukuliwa na ufalme wa Italia, na muungano wa nchi ukakamilika. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda: biashara ikakua, viwanda vikaongezeka, mishahara ya wafanyakazi ikapanda. Kati ya 1864 na 1870 wastani wa waliojiua ulikuwa 29 kwa kila watu milioni moja. Mwaka 1871 wakawa 31, mwaka uliofuata 33, kisha 36, na mwaka 1874 wakafika 37. Ulikuwepo upungufu kidogo mwaka 1875, lakini ilipofika 1877 walikuwa zaidi ya 40. Nchi ilikuwa inatajirika, na watu waliokuwa wanajiua waliongezeka.

Halafu anageuza tena ushahidi. Anatazama sehemu maskini za Ulaya ya wakati wake: Ireland, ambako mkulima aliishi maisha ya dhiki, Calabria, kusini mwa Italia, na Hispania. Huko kote kujiua kulikuwa kuchache sana. Hispania, kwa hesabu yake, ilikuwa na kama sehemu moja ya kumi ya kiwango cha Ufaransa. Kwa hiyo dhiki ya siku zote haiwapeleki watu kwenye kujiua kwa wingi. Anakwenda mbali zaidi na kusema umaskini unakinga. Msikimbilie kuupenda umaskini kwa sababu ya kauli hiyo. Anachosema ni kwamba mtu aliyezaliwa katika uchache amefundishwa tangu utotoni nini anaweza kukitarajia na nini hawezi, na matarajio yake yamekaa karibu na uwezo wake.

Hapo ndipo nadharia inapoanza. Kama kuanguka kunaongeza, na kupanda pia kunaongeza, basi kinachoua hakiko kwenye kuanguka wala kupanda kwenyewe. Kiko kwenye kitu ambacho vyote viwili vinakivuruga.

Kitu hicho ni kipimo cha matarajio. Mnyama akishiba ameshiba. Mwili wake unamwambia basi. Mahitaji ya mtu hayana basi ya namna hiyo. Ukipata baiskeli utataka pikipiki, ukipata pikipiki utataka gari, na hakuna kiungo cha mwili kitakachokuambia kwamba sasa inatosha. Anayeweza kusema inatosha ni jamii peke yake, kwa sababu ni kitu kikubwa kuliko mtu, ambacho mtu anakiheshimu na kukiona kina haki ya kusema. Kila jamii iliyotulia ina hisia ya pamoja, isiyoandikwa popote, kuhusu maisha yanayomstahili mtu wa kazi fulani: chini kabisa asishuke wapi, na juu kabisa atamani hadi wapi bila kuonekana wa ajabu. Watu wakiukubali mpangilio huo kuwa wa haki, wanaridhika ndani yake na wanajua wanachokitafuta. Mabadiliko ya ghafla yakivunja mpangilio huo kabla mwingine haujajengwa, jamii inapoteza kwa muda uwezo wa kuwaongoza watu wake. Hali hiyo ndiyo anomi: watu hawana tena kanuni zenye mamlaka juu ya kile wanachoweza kukitumaini.

Aliyeanguka ghafla anatakiwa ajifunze upya kutamani kidogo, na somo hilo halifundishwi kwa wiki moja. Aliyepanda ghafla, kwa upande wake, anakuta kile alichokuwa anakiota jana kiko mkononi leo, na hakuna anayejua tena mwisho ni wapi. Nyota anayoifukuza inasogea kila anapoikaribia. Jirani yake aliyebaki chini naye anaanza kuuliza kwa nini yule na si mimi, kwa sababu kanuni ya nani astahili nini imeshapotea. Kila mmoja anahangaika, na hata mafanikio hayampi raha.

Nataka tukae kidogo kwenye jambo lililo karibu yetu, maana nadharia hii nyepesi kuikariri na ngumu kuiona. Tuchukue korosho. Mnajua wenyewe nyumba nyingi za Tandahimba, Newala na Masasi zinavyoishi: mwaka mzima unapimwa kwa msimu. Mkulima anapalilia, anapulizia salfa, anaokota, anapeleka chama cha msingi, na kupitia stakabadhi ghalani korosho zinaingia mnadani. Pesa ikitoka, inalipa deni la dukani, ada, bati, na ngoma ya watoto wanaotoka jandoni na unyagoni. Wazee walijua mkulima wa mikorosho mingi hivi anatarajiwa kufanya sherehe ya kiasi gani, na mwenye michache kiasi gani. Hakuna aliyeandika, lakini ukizidisha watu wanashangaa, na ukipunguza wanasema.

Katika msimu wa 2017/18 bei minadani ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata, Oktoba 2018, wanunuzi walikuja na bei za chini na wakulima wakakataa kuuza. Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kusomba korosho. Wengi wakasubiri malipo kwa muda mrefu huku uhakiki ukiendelea. Sasa itumieni nadharia vizuri. Anayesema bei imeshuka kwa hiyo watu wana hali mbaya amerudi kwenye hoja ya umaskini. Tena 3,300 ilikuwa juu kuliko bei zilizokataliwa mnadani. Mwanafunzi anayeelewa Durkheim atauliza maswali mengine. Baada ya msimu mmoja wa 4,000, mkulima alianza kuona kipi ni cha kawaida? Kipimo cha zamani cha sherehe, cha mkopo, cha mahari kilikuwa bado kina nguvu, au kila nyumba ilijipangia chake? Na miezi ile ya kusubiri, pale ambapo mtu hajui malipo yatafika lini, ni kanuni gani iliyokuwa imebaki ya kumwambia apange nini na atarajie nini?

Gesi ni mfano wa upande wa kupanda. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa muda mrefu bila watu wengi kuisikia. Miaka ya 2010 na kuendelea, ugunduzi mkubwa baharini ukaleta habari nyingine kabisa. Viwanja vya Mtwara mjini vikapanda bei, kodi za nyumba zikapanda, hoteli zikajengwa, vijana wakaenda kusomea uchomeleaji na umeme wakitazamia ajira. Mwaka 2013 zikatokea ghasia, Januari na tena Mei, kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na bomba lenyewe likazinduliwa Oktoba 2015. Kisha kasi ikapoa. Mradi mkubwa wa kusindika gesi asilia Lindi ukabaki kwenye mazungumzo mwaka baada ya mwaka. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 2012 alipewa ndoto ambayo baba yake hakuwahi kuiota, na hakuna mzee aliyekuwa na uzoefu wa kumwambia ni kiasi gani cha ndoto hiyo ni cha kweli.

Nasisitiza, na naomba mliandike kwenye madaftari: nimetumia korosho na gesi kuwaonyesha jinsi kipimo cha matarajio kinavyoyumba. Sijasema zimewaua watu. Ili kusema hivyo ungehitaji hesabu kama ile ya Vienna, miezi ileile kabla na baada, mahali pamoja. Mkiandika kwamba gesi iliongeza kujiua Mtwara kwa sababu tu simulizi inaingia vizuri, mtakuwa mmefanya kosa ambalo Durkheim alitumia kurasa nyingi kulikwepa.

Na hesabu hizo zina tatizo lake, ambalo hapa kwetu ni zito. Chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Familia inayookoa mtu wake ina sababu ya kunyamaza, na familia inayozika ina sababu nyingine, ya aibu na ya hofu ya kunyimwa dua au ibada. Inasemwa aliugua ghafla, na ndivyo inavyoandikwa. Durkheim aliziamini takwimu za serikali za Ulaya kuliko ilivyostahili. Mwaka 1967 mwanasosholojia Mmarekani Jack Douglas alimshambulia hapo hapo: karani, daktari na ndugu wanaamua pamoja kifo gani kiitwe kujiua, na jamii zenye mshikamano zaidi zinaweza kuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuficha. Fikirieni uzito wa hoja hiyo. Ile Calabria yenye kujiua kuchache, je, ilikuwa na kuchache kweli, au ilikuwa na familia zinazojua kusitiri? Mimi naona hoja ya Douglas inaumiza zaidi ulinganisho wa nchi na nchi. Inaumiza kidogo ulinganisho wa Vienna na Vienna, kwa sababu makarani na desturi za kuficha haziwezi kubadilika sana kati ya Aprili 1873 na Aprili 1874. Ndiyo maana nawashauri muegemee Vienna.

Kuna mkanganyiko mwingine unaowapunguzia alama kila mwaka. Mwaka 1938 Robert Merton, naye Mmarekani, alichukua jina la anomi na kulipa kazi nyingine. Kwa Merton jamii inawaambia watu wote watafute mafanikio yaleyale, lakini njia halali za kuyafikia zimefungwa kwa wengi. Shida iko kwenye pengo kati ya lengo na njia. Kwa Durkheim lengo lenyewe limepoteza mpaka. Kijana wa gesi anaweza kusomwa kwa namna zote mbili. Ukisema aliahidiwa kazi na mlango ukafungwa, unazungumza na Merton. Ukisema hakuna aliyeweza tena kumwambia kazi ya kawaida ya kijana wa Mtwara ni ipi na inamtosha kiasi gani, unazungumza na Durkheim. Chagueni, kisha mbaki hapo.

Vilevile msichanganye anomi na kukosa mshikamano. Durkheim alitaja aina nne za kujiua: kwa upweke wa kujitenga na jamii, kwa kujitoa kwa ajili ya jamii, kwa anomi, na ile ya nne aliyoitaja kwenye tanbihi tu, kwa kukandamizwa na kanuni zisizovumilika. Mhamiaji aliyekuja mjini peke yake amepoteza ndugu, na pia amepoteza kipimo cha matarajio. Ukimtazama yeye huwezi kujua kipi kimemwumiza. Mtazame badala yake mtu ambaye hakuhama. Ana mke, ana watoto, anaswali na majirani, msikiti uleule, kaburi la babu liko pale pale, lakini uchumi umempindukia ndani ya misimu miwili. Mshikamano wake haujaguswa. Akiumia huyo, anomi ndiyo maelezo yenye nguvu.

Sasa ushahidi wa baadaye, maana insha isiyovuka mwaka 1897 haitoshi. Kuanguka kwa uchumi kunaendelea kumtetea Durkheim. Msukosuko wa fedha wa Asia mwaka 1997 ulifuatiwa mwaka 1998 na ongezeko kubwa Japani na Korea Kusini. Urusi, baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, ilipanda hadi karibu watu 42 kwa kila laki moja mwaka 1994, ingawa huko pombe nayo ilifanya kazi kubwa na haifai kufichwa.

Upande wa neema ndio unaomsumbua. China ilikua kwa kasi ambayo Italia ya 1871 isingeiota, na mamia ya milioni ya watu wakahama vijiji. Kwa nadharia, kujiua kungepaswa kupaa. Kulishuka. Miaka ya 1990 kiwango kilikuwa zaidi ya 20 kwa watu laki moja. Miaka ya 2010 kilikuwa chini ya 10. Waliopungua zaidi walikuwa wanawake wa vijijini, hasa vijana. Watafiti wanataja kwamba kwenda mjini kuliwatoa kwenye nyumba za ukwe zilizowabana, na pia kuliwaweka mbali na sumu za mashambani.

Mwanafunzi mvivu ataandika kwamba China imemwangusha Durkheim. Mimi nasema someni tena ile tanbihi. Kama mwanamke kijana aliishi chini ya kanuni zilizomkaba pande zote, basi mabadiliko yaliyovunja kanuni yalimpunguzia mzigo uleule ambao Durkheim aliuita wa kukandamizwa. Mabadiliko ya kasi yanalegeza kanuni kwa wote, lakini hayamkuti kila mtu mahali pamoja. Kwa aliyekuwa amebanwa ni nafuu. Kwa aliyekuwa ametulia ndani ya kanuni ni kuanguka. Durkheim aliidharau aina ya nne, akasema haina umuhimu mkubwa kwa zama zake, na hapo naona alikosea sana, kwa sababu kanuni za nyumbani zilizowabana wanawake alizigusa kwa maneno machache tu. Kwa hiyo insha nzuri haiulizi tu kama uchumi umebadilika haraka. Inauliza kanuni zilizovunjika zilikuwa zimemshika nani, na zilimshika kwa namna gani. Huku kusini, swali hilo lina majibu mawili tofauti kwa mwenye shamba la korosho na kwa mkewe ambaye stakabadhi haikuwahi kuandikwa jina lake.

Jambo la mwisho ni tiba aliyoipendekeza, kwa sababu swali lenu lina sehemu ya pili. Durkheim hakuamini kwamba dola iliyo mbali au dini ingeweza kurudisha kipimo cha matarajio katika uchumi wa viwanda. Aliweka tumaini kwenye vyama vya watu wa kazi moja, vilivyo karibu na mtu kiasi cha kumjua na vyenye mamlaka kiasi cha kumwambia kipi ni haki. Tuna vyama vya msingi vya ushirika kila kata ya korosho. Vinapokea mzigo, vinapeleka mnadani, vinagawa malipo. Katika sehemu ya pili ya insha nataka mjibu kama vyama hivyo, kwa jinsi mnavyovijua nyumbani kwenu, vinafanya pia ile kazi nyingine ambayo Durkheim aliitaka: wanachama wanakaa pamoja na kukubaliana nini ni bei ya haki, deni la kiasi gani linavumilika, na msimu ukiharibika nani anabeba nini. Andikeni mlichokiona mkutanoni, si kilichoandikwa kwenye katiba ya chama. Maswali yenu nayapokea sasa.